DKA au HHS: glukometa ikiandika HI, muuguzi afuatilie nini saa kwa saa

Glukometa nyingi za wodini hukomea milimoli 33.3 kwa lita, yaani miligramu 600 kwa desilita. Sukari ikivuka hapo, kioo hakitoi namba tena, kinaandika HI. Muuguzi wa zamu ya usiku anabaki na herufi mbili, mgonjwa aliyekauka midomo, na swali ambalo herufi hizo hazilijibu. Je, huyu ana ketoasidosisi ya kisukari, ile tunayoiandika DKA kwenye faili? Au ana hali ya haipaosmola, HHS, ambayo damu imekuwa nzito kwa sukari lakini haina asidi?

Jibu lake lina uzito kwa sababu vifaa vya tiba ni vilevile: maji ya chumvi, insulini, potasi. Kinachotofautiana ni mwendo. Mgonjwa wa DKA anaumizwa na asidi, na kazi ni kuendelea na insulini mpaka asidi iishe, hata kama sukari imeshashuka. Mgonjwa wa HHS anaumizwa na ukavu na uzito wa damu, na kazi ni kumrudishia maji bila kumkimbiza, kwa sababu ubongo wake umeshazoea damu nzito na hautaki kushtuliwa. Ukimwendesha wa pili kwa mwendo wa kwanza unaweza kumdhuru kwa mikono yako mwenyewe.

Tunapima kwa vigezo gani

Nitazilinganisha hali hizi mbili kwa mambo yaleyale: nani huzipata na huanzaje, kipimo gani huamua, maji, insulini, muuguzi aangalie nini tiba ikiendelea, na tiba huisha lini. Potasi nimeipa sehemu yake mwishoni, maana inawahusu wote wawili na ndiyo inayosababisha makosa mabaya kuliko yote.

Ili namba zisielee hewani, nimechukua wagonjwa wawili wa mfano walioingia wodi moja usiku mmoja. Wa kwanza ni binti wa miaka 19, kilo 50, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyeishiwa insulini akiwa safarini. Wa pili ni mzee wa miaka 71, kilo 70, mwenye kisukari cha aina ya pili, anayetumia vidonge.

DKA: mgonjwa wa asidi

*Nani, na huanzaje.* Mara nyingi ni mtu wa kisukari cha aina ya kwanza, kijana au mtoto, aliyekosa insulini au aliyepata maambukizi. Wa aina ya pili naye anaweza kuipata, hasa akiwa na ugonjwa mzito mwingine. Huanza kwa haraka, ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Mwili usiokuwa na insulini hauwezi kutumia sukari, hivyo unachoma mafuta, na mafuta yakichomwa kwa wingi hutoa ketoni, ambazo ni asidi. Binti wetu alianza kutapika asubuhi, tumbo likamuuma hadi ndugu zake wakadhani ni kidole tumbo, na jioni alikuwa anavuta pumzi ndefu nzito, 34 kwa dakika. Pumzi hiyo ilielezwa na daktari Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874, na bado ndiyo dalili unayoweza kuiona ukiwa mlangoni kabla hujashika kifaa chochote. Mwili unajaribu kuitoa asidi kwa njia ya mapafu.

*Kipimo kinachoamua.* Ni ketoni na asidi, si sukari. Makubaliano ya vyama vya kisukari vya Marekani na Ulaya ya mwaka 2024 yanataka mambo matatu yakutane: sukari ya 11.1 au zaidi, au mtu anayejulikana ana kisukari. Ketoni za damu 3.0 au zaidi, au alama mbili na kuendelea kwenye kipimo cha mkojo. Na pH chini ya 7.3 au bikaboneti chini ya 18. Angalia hilo neno "au" kwenye sukari. Mgonjwa anayetumia dapagliflozini au empagliflozini anaweza kuwa na DKA kamili sukari yake ikiwa 10 tu, na ndiye anayeachwa kwenye benchi kwa sababu glukometa haikumtisha mtu. Binti wetu alikuwa na sukari 27.4, ketoni 5.8, pH 7.12, bikaboneti 9. Fahamu zake zilikuwa kamili, jambo la kawaida kwa wagonjwa wengi wa DKA.

*Maji.* Mtu mzima wa DKA amepoteza takriban mililita 100 kwa kila kilo, kwa hiyo binti huyu anadai kama lita tano. Alianza na lita moja ya maji ya chumvi asilimia 0.9 saa ya kwanza, kisha mililita 500 kwa saa kwa saa mbili, halafu 250 kwa saa. Kama hakuna pampu, seti ya matone 20 kwa mililita ikiwekwa matone 83 kwa dakika inatoa hiyo 250. Saa ya kwanza huwezi kuhesabu matone. Unafungua dripu na kukaa karibu.

*Insulini.* Kawaida ni yuniti 0.1 kwa kilo kwa saa, kwake yuniti 5 kwa saa, ikianza baada ya kujua potasi. Kwenye pampu tunachanganya yuniti 50 za insulini ya kawaida ndani ya mililita 50 za maji ya chumvi, ili mililita moja iwe yuniti moja. Mwaga mililita 20 za mwanzo kupitia mpira kabla ya kumuunganisha mgonjwa, kwa sababu insulini hung'ang'ania plastiki, na bila kufanya hivyo saa ya kwanza atapata pungufu ya kilichoandikwa. Pasipo pampu, hospitali nyingi huchoma insulini ya kawaida kwenye msuli kila saa kwa kipimo hichohicho cha uzito. Ila mgonjwa aliye baridi mikono na miguu hanyonyi vizuri kutoka kwenye msuli, ndiyo maana maji yanatangulia.

*Cha kuangalia tiba ikiendelea.* Kila saa: sukari, ketoni kama kipimo cha damu kipo, pumzi, mapigo, shinikizo la damu, fahamu, na mkojo. Ketoni zitegemewe kushuka walau 0.5 kwa saa, na sukari takriban 3 kwa saa. Zisiposhuka, usikimbilie kuongeza insulini kabla ya kufuata mpira wote kwa kidole, kuanzia bomba hadi mshipani. Mara nyingi utakuta kanula imevimba au bomba limefungwa.

Sasa tufike mahali ambapo zamu nyingi hukosea. Saa ya tano sukari ya binti ilikuwa 12.8. Mwanafunzi aliyekuwa akichukua vipimo alifurahi.

"Sista, sukari imeshuka vizuri. Nifunge insulini?"

"Ketoni zake sasa hivi ni ngapi?"

"3.2."

"Basi hatujamaliza. Mwambie daktari, tunaweka dekstrozi."

Ndivyo inavyotakiwa. Sukari ikishuka chini ya 13.9, dekstrozi ya asilimia 5 au 10 huongezwa kwenye dripu, na insulini hupunguzwa hadi 0.05 kwa kilo, kwake yuniti 2.5 kwa saa. Inaonekana kama tunapingana na nafsi zetu, kumpa sukari mgonjwa wa sukari, lakini insulini hapa haipo kwa ajili ya sukari tena. Ipo kuzima uchomaji wa mafuta. Dekstrozi ni chakula kinachoiruhusu insulini iendelee kufanya kazi bila kumwangusha mgonjwa. Ukiifunga insulini wakati ketoni ni 3.2, baada ya saa chache asidi inarudi, na kwa kuwa sukari imetulia, hakuna anayetazama upande huo.

Pumzi nayo ina mtego wake. Kutoka 34 kwenda 22 inaweza kuwa habari njema, asidi inapungua. Inaweza pia kuwa mgonjwa amechoka misuli na anaelekea kubaya. Tofauti utaiona kwa vitu viwili ulivyo navyo kitandani: ketoni zinashuka au la, na anakujibu vilevile au anasinzia. Pumzi ikipungua huku fahamu zikipungua, ita daktari papo hapo.

Kama wodi haina kipimo cha ketoni za damu, kipande cha mkojo kinasaidia kugundua ugonjwa, lakini ni mshauri mbaya wa kufuatilia tiba. Kinapima asetoasetati, wakati ketoni kubwa ya DKA ni beta-hidroksibutireti. Tiba inapofanya kazi, ya pili hugeuka kuwa ya kwanza, kwa hiyo kipande kinaweza kuendelea kuwa zambarau, hata kukolea, mgonjwa akiwa anapona. Katika hali hiyo fuata bikaboneti kila saa mbili hadi nne, na pumzi.

*Huisha lini.* Ketoni zikiwa chini ya 0.6, na pH 7.3 au zaidi au bikaboneti 18 au zaidi. Binti alifika hapo saa ya kumi na moja. Kabla ya kufunga insulini ya mshipani, alichomwa insulini ya muda mrefu chini ya ngozi, na ile ya mshipani ikaachwa iendelee kati ya saa moja na mbili. Insulini ya mshipani hudumu dakika chache tu mwilini. Ukiifunga kabla ile ya ngozi haijaanza kazi, umemrudisha mgonjwa alikotoka, na zamu ya asubuhi itamkuta anatapika upya.

HHS: mgonjwa wa ukavu

*Nani, na huanzaje.* Kwa kawaida ni mtu mzima wa makamo au mzee mwenye kisukari cha aina ya pili, wakati mwingine ambaye hakuwahi kujua anacho. Huanza polepole, kwa siku nyingi, hata wiki. Insulini kidogo aliyobaki nayo inatosha kuzuia mafuta yasichomwe, kwa hiyo hakuna asidi, hakuna kutapika, hakuna pumzi nzito ya kuwashtua watu wa nyumbani. Sukari inapanda kimya, mkojo unavuta maji, na mzee asiyeweza kujiamkia kwenda mtungini anazidi kukauka. Binti wa mzee wetu alisema, "Baba analala tu, tangu juma lililopita. Tulidhani ni uzee." Alikuwa na homa ya mapafu, na kiu yake walikuwa wakiituliza kwa soda.

*Kipimo kinachoamua.* Ni osmolaliti, yaani uzito wa damu, na hesabu yake inafanyika kitandani kwa kalamu:

```
osmolaliti = (2 x Na) + sukari
```

Namba zote ni milimoli kwa lita. Kwa makubaliano ya 2024, HHS ni sukari ya 33.3 au zaidi, osmolaliti hii ikizidi 300, ketoni chini ya 3.0, na pH ya 7.3 au zaidi pamoja na bikaboneti ya 15 au zaidi. Hospitali zinazofuata mwongozo wa Uingereza huongeza urea kwenye hesabu na kutumia kiwango cha 320, kwa hiyo hakikisha wodi nzima inatumia hesabu moja, vinginevyo zamu mbili zitaandika namba mbili kwa mgonjwa mmoja. Maabara ilimpa mzee sukari 48 na sodiamu 146. Mara mbili ya 146 ni 292, ukijumlisha 48 unapata 340. Ketoni zilikuwa 0.7, pH 7.36. Fahamu zake zilikuwa 12 kati ya 15 kwenye skeli ya Glasgow, na uzito wa damu wa kiwango hicho unatosha kueleza usingizi wake. Lau osmolaliti ingekuwa 305 na bado amelala hivyo, ningemwomba daktari atafute sababu nyingine kichwani.

*Maji.* Hapa maji ndiyo dawa yenyewe. Anaweza kuwa amepoteza kati ya mililita 100 na 220 kwa kilo, kwake lita 7 hadi 15. Lita ya kwanza ya maji ya chumvi asilimia 0.9 iliingia kwa saa moja, kisha kasi ikapunguzwa na kuamuliwa upya kila baada ya vipimo. Ni mzee, moyo wake hatuujui, kwa hiyo kila unapobadilisha mfuko sikiliza chini ya mapafu na utazame oksijeni. Mapafu yakianza kutoa sauti ya kukwaruza ambayo haikuwepo, punguza na uite.

*Insulini.* Isitangulie. Maji peke yake hushusha sukari kwa kiasi kikubwa saa za mwanzo, na insulini ikiingia kabla ya maji huisukuma sukari ndani ya seli, maji yakaifuata, na shinikizo la damu la mtu aliyekwisha kukauka likaporomoka. Pale sukari inapoacha kushuka kwa maji pekee, ndipo insulini huanza kwa 0.05 kwa kilo kwa saa, nusu ya ile ya DKA.

*Cha kuangalia tiba ikiendelea.* Vipimo vya kila saa ni vilevile, ila safu mpya inaongezeka kwenye chati, osmolaliti, na ndiyo unayoisoma kwanza. Hizi ni saa za mwanzo za mzee:

| Saa | Sukari | Sodiamu | Osmolaliti |
|---|---|---|---|
| 0 | 48 | 146 | 340 |
| 1 | 44 | 147 | 338 |
| 2 | 40 | 147 | 334 |
| 4 | 31 | 148 | 327 |
| 6 | 30 | 148 | 326 |

Anayetazama sodiamu peke yake atashtuka: tunampa maji ya chumvi, na chumvi inapanda. Wapo ambao wangebadilisha dripu palepale waweke ya chumvi nusu. Lakini sukari ikitoka kwenye damu, maji hutoka nayo kuingia kwenye seli, na sodiamu iliyobaki huonekana imekolea zaidi. Kupanda kidogo kunategemewa. Kinachotakiwa ni osmolaliti kushuka kati ya 3 na 8 kwa saa, na kutoka 340 hadi 327 kwa saa nne ni kama 3 kwa saa. Inatosha. Dripu haikubadilishwa. Kama sodiamu ingepanda huku osmolaliti imegoma, na maji aliyoingiziwa yanatosha, hapo ndipo dripu nyepesi inafikiriwa.

Tazama sasa saa ya nne hadi ya sita. Sukari 31 na 30, osmolaliti 327 na 326. Imesimama. Muuguzi aliangalia kwanza kama dripu inaenda kweli, akajumlisha alichoingiza na alichotoa, akamwita daktari, na insulini ya yuniti 3.5 kwa saa ikaanza. Huo ndio uamuzi wa HHS, na unatoka kwenye chati ya muuguzi, si kwenye maabara.

Upande wa haraka nao una mipaka. Sukari isishuke zaidi ya 5 kwa saa, na sodiamu isishuke zaidi ya 10 kwa saa 24. Mgonjwa aliyeanza kuamka kisha akarudi kulala, au anayelalamika kichwa, apimwe fahamu upya na dripu itazamwe upya kabla ya kitu kingine chochote.

Mkojo unadanganya saa za mwanzo, na hili ni kwa wote wawili ingawa kwa mzee linaumiza zaidi. Kiwango tunachotaka ni mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, kwake 35, kwa binti 25. Mzee alitoa 120 saa ya kwanza, na mtu angesema figo zimeshapata maji. Hapana, ni sukari inayovuta maji ikitoka. Mpaka sukari ishuke, mkojo mwingi si ushahidi kwamba amepata maji ya kutosha. Amini zaidi shinikizo la damu, mapigo, na joto la mikono.

Mambo mawili mengine ya HHS husahaulika kwa kuwa hayana kipimo. Damu nzito huganda, kwa hiyo uliza mapema kuhusu heparini ya kinga na tazama ndama za miguu kila zamu. Na visigino vya mzee wa kisukari aliyelala siku saba nyumbani vifunuliwe usiku huohuo, viinuliwe vielee hewani. Kidonda kikianza pale, atakaa nacho wodini muda mrefu baada ya sukari kusahaulika.

*Huisha lini.* Polepole, mara nyingi siku moja hadi tatu. Osmolaliti chini ya 300, sukari chini ya 13.9, mkojo wa kutosha, na fahamu zimerudi kama ndugu wanavyomjua. Njiani, sukari ikifika chini ya 13.9, dekstrozi huongezwa kama kwa binti, ila hapa tunataka sukari ikae kati ya 11.1 na 13.9 badala ya kuendelea kuteremka. Mzee wetu alimtambua binti yake asubuhi ya pili.

Potasi: wote wawili

Mgonjwa wa DKA anaweza kuingia na potasi ya kawaida au ya juu, na bado mwili mzima umeishiwa. Asidi na ukosefu wa insulini vimeifukuza potasi kutoka kwenye seli kwenda kwenye damu, na nyingine imekwenda na mkojo. Ukianza insulini, ile iliyoko kwenye damu inarudi ndani ya seli kwa kasi. Binti aliingia na 4.9. Saa mbili baadaye ilikuwa 3.9.

Ndiyo maana potasi hupimwa kabla ya insulini. Ikiwa chini ya 3.5, insulini inasubiri, potasi inatangulia. Ikiwa kati ya 3.5 na 5.0, vyote vinakwenda pamoja, potasi ikiwekwa milimoli 20 hadi 40 kwa kila lita kulingana na mwongozo wa hospitali yako. Ikizidi hapo, insulini ianze bila potasi na upime tena baada ya saa mbili. Kisha kila saa mbili hadi nne. Mgonjwa asiyetoa mkojo, au mwenye figo mbovu, asiwekewe potasi bila agizo la daktari aliyemwona.

Kichupa cha kloridi ya potasi cha asilimia 15, mililita 10, kina milimoli 20. Kiingie kwenye mfuko wa dripu tu, kamwe kisichomwe moja kwa moja mshipani, na mfuko ugeuzwe juu chini mara kadhaa kabla ya kutundikwa. Potasi nzito hutulia chini, na mgonjwa huipata yote kwa mkupuo. Misuli kulegea, tumbo kujaa bila kutoa hewa, mapigo kuruka: usisubiri maabara, omba kipimo cha moyo.

Kwa HHS potasi inashuka kwa utaratibu zaidi, kwa kuwa asidi haipo na insulini ni kidogo, lakini ratiba ya kupima ni ileile.

Kwa hali uliyo nayo

Ukiwa na HI na glukometa peke yake, hesabu pumzi kwa dakika nzima na upime ketoni za mkojo. Pumzi ndefu na ketoni za alama mbili au zaidi, mchukulie kama DKA. Mzee aliyelala, pumzi ya kawaida, ketoni hakuna au kidogo, mchukulie kama HHS, na insulini isubiri maji. Katika hali zote mbili mshipa ufunguliwe na maji ya chumvi yaanze wakati mnaandaa rufaa. Insulini kabla ya kujua potasi, kituoni, njiani kwenye gari la wagonjwa, ni hatari kuliko kuchelewa saa moja.

Ukikuta vyote viwili, ketoni 3 na zaidi na osmolaliti juu ya 300, usilazimishe jina moja. Hadi theluthi ya wagonjwa wa dharura hizi huwa na mchanganyiko. Asidi ipate insulini yake ya 0.1 kwa kilo, na osmolaliti ishuke kwa mwendo wa HHS, kwa hiyo safu zote mbili zijazwe kila saa.

Ukiwa na mtoto, weka kando namba za watu wazima nilizotaja hapa. Maji yake hugawanywa polepole zaidi, insulini huanza walau saa moja baada ya maji, na hatari kubwa ni ubongo kuvimba. Maumivu ya kichwa, mapigo kushuka bila sababu, kukasirika ghafla au kusinzia ni mwito wa dharura hata kama vipimo vyote vinapendeza.

Ukiwa na mgonjwa wa moyo au wa figo, lita ya saa ya kwanza igawanywe vipande vya mililita 250, na kila kipande kikiisha sikiliza mapafu kabla ya kutundika kingine.

Na ukiwa peke yako zamuni na wagonjwa wawili kama hawa, mlaze wa DKA karibu na meza yako saa sita za kwanza, maana potasi yake inabadilika kwa dakika. Mzee umfuate kila saa bila kuruka, na ukikabidhi zamu, soma kwa sauti safu mbili: ketoni za binti, osmolaliti ya mzee. Sukari ije baadaye.